Fahamu: Kwa nini data za Mbale hazisubiri kama za Jinja

Kimo cha maji ya Ziwa Viktoria kimepimwa Jinja kwa miaka mingi. Ziwa hupanda polepole, hivyo kuchakata vipimo vya siku nzima kwa mkupuo mmoja usiku kunatosha. Mbale ni tofauti: mwishoni mwa Julai 2022 mto Nabuyonga ulifurika usiku mmoja na kuua watu. Huko kila kipimo kichakatwe papo hapo kinapoingia.

Tatizo huja mtandao ukikatika. Kipimo cha tarehe 30 kinaweza kufika tarehe 31. Hivyo jedwali kubwa la vipimo ligawanywe kwa tarehe ya kupimwa, si ya kupokelewa. La sivyo mafuriko yataonekana yalianza siku moja baadaye. Na kifaa cha kupimia kikinyamaza, andika `NULL`. Ukiweka sifuri, itasomeka kwamba mto umekauka.