Dola Zimekwama Kwenye Ukaguzi: Mkazi wa Kinna Atume Karatasi Gani?

Tuseme kijana wa Kinna amelipwa USDT 600 kwa kazi ya mtandaoni. Anaagiza kuzitoa kwenye soko la sarafu za kidijitali, na skrini inaandika `Under Review`. Jambo la kwanza ni kutazama kama muamala una `TxID`, ile namba ndefu inayopatikana malipo yakishaingia kwenye mtandao wa sarafu. Ikiwa haipo, pesa hazijaondoka sokoni, na maswali yaelekezwe huko.

Huenda sababu ni ndogo tu. Masoko kadhaa hufunga utoaji kwa saa 24 mteja akibadilisha nenosiri, kisha hufungua yenyewe. Ukaguzi ukizidi hapo, mara nyingi unahusu utambulisho. Ngazi ya kwanza huomba kitambulisho na picha ya uso. Ngazi ya juu, inayoruhusu kutoa kiasi kikubwa zaidi, huongeza uthibitisho wa makazi na pengine maelezo ya pesa zilikotoka.

Majina ndiyo huwakwamisha wengi. Kwa desturi ya Waborana mtu hubeba jina lake, la baba na la babu, lakini baadhi ya fomu zina nafasi mbili tu, basi mteja huacha moja. Halafu kuna herufi: Qalicha wa nyumbani huenda aliandikwa Kalicha na karani. Jirani anamjua ni yuleyule, ila mashine inaona watu wawili. Jaza herufi kwa herufi kama kitambulisho kilivyo, hata kama kimekosewa. Na anayesubiri kitambulisho asifungue akaunti kwa kadi ya mjomba: picha ya uso itamkataa siku ya kutoa pesa, na mjomba ndiye atakayehesabiwa mwenye akaunti.

Makazi ni magumu zaidi, maana nyumba za Kinna hazina namba. Taarifa ya M-Pesa ina jina na namba ya simu bila anwani, kwa hiyo haithibitishi makazi, ingawa husaidia kuonyesha pesa zilivyoingia. Iliyo bora ni taarifa ya benki isiyozidi miezi 3. Kwa kuwa baadhi ya masoko hukataa sanduku la posta pekee, aiombe benki kwanza iweke kwenye rekodi yake Kinna, Garbatulla, Kaunti ya Isiolo, ndipo ichape taarifa. Aambatishe pia ankara au mkataba wa ile kazi.

Kitambulisho kipigwe picha chenyewe, si nakala, pande zote mbili, pembe nne zionekane na mwanga usifute maandishi. Atume kupitia programu ya soko lenyewe tu. Akitokea mtu kwenye WhatsApp anayedai "kodi" au "ada ya kufungua" kabla ya pesa kutoka, huyo ni tapeli: ada halali ya kutoa hukatwa kwenye salio lililomo.