Kamasi Linapoteremkia Kooni

Mwalimu anafuta ubao, vumbi la chaki linapaa, na kabla ya sentensi ya pili ameshajikohoza mara tatu. Koo linamnyeza, lakini chanzo kiko puani. Pua hutengeneza kamasi mchana kutwa, nasi hulimeza bila kujua. Vumbi au mzio vikilizidisha, au likiwa zito, hunata nyuma ya koo. Kujikohoza nako hukwaruza nyuzi za sauti, koo likazidi kuwasha. Ukijisikia kukohoa, meza funda la maji kwanza.

Kinachosaidia zaidi ni kuosha pua. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, kisha koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita. Maji ya bomba yasiyochemshwa usiyatie puani kabisa. Inama juu ya beseni, laza kichwa upande, pumua kwa mdomo, na sukuma maji taratibu kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake. Yatatokea tundu la pili. Yakichoma sana, huenda umekosea kipimo cha chumvi.

Dawa za matone za kuzibua pua zisizidi siku chache, maana zikizoeleka pua huziba upya. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, au damu ikitoka tundu moja tu, muone daktari.