Tuisome Mizania (7): Gawio linatoka mstari upi?

Msimu wa mikutano mikuu ya wanahisa umewadia, na lalamiko ni lile lile la kila mwaka: mbona mtaji wa wanahisa ni mkubwa hivi na gawio ni dogo hivi? Mali na madeni tulikwisha kuvimaliza katika makala zilizotangulia. Leo tuingie katika kile kinachobaki baada ya madeni kutolewa kwenye mali, maana jibu limo humo.

Tuchukue mfano wa kampuni ya kusaga nafaka. Imetoa hisa 1,000,000, kila moja ikiwa na thamani rasmi ya shilingi 100, lakini wanunuzi wamelipa shilingi 250. Zimeingia milioni 250. Mhasibu haziandiki zote mstari mmoja: milioni 100 huenda kwenye mtaji wa hisa, na milioni 150 zilizozidi thamani rasmi huitwa premiamu ya hisa. Kama wanasheria na madalali waliosimamia utoaji huo wamelipwa milioni 10, sheria inaruhusu zikatwe kwenye premiamu, nayo ibaki milioni 140.

Kwa nini mistari miwili, ilhali fedha zote zimetoka mfuko uleule wa mwanahisa? Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu historia yake ni tamu na ina funzo. Zamani Uingereza, sheria ililinda mtaji wa hisa peke yake. Premiamu haikuwa na mlinzi. Mwaka 1937 mwanahisa mmoja wa kampuni ya filamu ya Gaumont-British alikwenda mahakamani London kupinga gawio lililotolewa kwenye premiamu. Alishindwa. Jaji aliona hakuna sheria iliyovunjwa. Fikiria maana yake: mtu ananunua hisa leo kwa bei ya juu, na kesho fedha yake mwenyewe inarudishwa kwake na kwa wenzake ikiitwa gawio, kana kwamba kampuni imefanya biashara ikapata. Kampuni isiyozalisha chochote ingeweza kuonekana hodari miaka mingi, alimradi wapo wanunuzi wapya wa hisa. Kwangu huo ni udanganyifu, hata kama mahakama iliuruhusu. Mwaka 1945 Kamati ya Cohen ilipendekeza premiamu ilindwe kama mtaji, na Sheria ya Kampuni ya Uingereza ya 1948 ikaufunga mlango huo. Kenya iliirithi sheria hiyo katika Sura 486 yake ya zamani. Tangu hapo premiamu ina kazi chache zilizotajwa, kama kulipia gharama za kutoa hisa au kuwapa wanahisa hisa za nyongeza bila malipo. Gawio la fedha taslimu halimo.

Turudi kwa wasagaji wetu. Kiwanja walichonunua kwa milioni 80 kimethaminishwa upya, sasa ni milioni 140. Tukiacha kodi kando, ongezeko la milioni 60 linaingia kwenye akiba ya uthaminishaji. Hakuna aliyelipa hata senti, kiwanja hakijauzwa. Kwa hiyo akiba hiyo nayo haigawiwi.

Linabaki limbikizo la faida. Mwaka wa kwanza walipata hasara ya milioni 20, wa pili faida ya 50, wa tatu faida ya 70. Jumla ni milioni 100. Wametoa gawio la milioni 40, zimebaki 60. Jumlisha mistari yote minne: 100, 140, 60 na 60, unapata milioni 360. Anayelalamika anaiona 360. Zinazoweza kugawiwa ni zile 60 za mwisho tu. Nazo hazijalala benki: nyingi zimekwisha kuwa mashine, mahindi ghalani na madai kwa wateja.

Kosa jingine ni kudhani bei ya hisa ikipanda sokoni premiamu nayo hupanda. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, ilhali thamani rasmi ilikuwa senti 5. Fedha hizo zilikwenda serikalini, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiuza hisa zake. Mtaji wa hisa na premiamu ya Safaricom havikuongezeka kwa mauzo hayo.

Basi ukienda mkutanoni, fungua taarifa ya mabadiliko ya mtaji, safu ya limbikizo la faida, uilinganishe na gawio unaloombwa kuliidhinisha. Likizidi limbikizo lililopo, simama uulize kabla hujanyoosha mkono.