Nakala ya Akiba Isiyojaribiwa: Namna ya Kuipima kwa Kurejesha Sampuli

Watumiaji wengi wa kompyuta wameshauriwa kuweka nakala ya akiba ya mafaili yao, yaani ile ambayo wengi huiita bekapu, na wengi wameupokea ushauri huo. Mtu hununua diski ya nje au flashi, hunakili humo kazi zake zote, huona majina ya mafaili yamejipanga kwenye orodha, kisha huifungia kabatini. Hapo amekwisha kuandika, lakini hajasoma. Nakala ya akiba ina kazi moja tu, nayo ni kurudisha kilichopotea. Na mpaka siku itakapokuwa imerudisha angalau faili moja likafunguka na kusomeka, mwenye nayo hana zaidi ya tumaini.

Katika sura hii tunaeleza jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya nyumbani au ofisini kwa muda wa nusu saa hivi. Ni kurejesha mafaili machache kutoka kwenye nakala ya akiba na kuyaweka katika folda nyingine, mbali na mafaili ya asili, kisha kuyakagua.

Mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa

Tuchukue mfano wa mweka hazina wa kikundi chenye wanachama 28. Tangu mwaka 2016 hesabu za kikundi zimo katika kompyuta moja ya mkononi: hisa za kila mwanachama, mikopo, marejesho na faini. Daftari la karatasi liliachwa miaka kadhaa iliyopita. Kompyuta hiyo ikiibwa au ikifa, hakuna atakayeweza kuthibitisha nani anadaiwa kiasi gani, na kila mwanachama atabaki na kumbukumbu yake kichwani.

Mweka hazina huyu ni mwangalifu. Alinunua flashi iliyoandikwa kuwa ina ujazo wa terabaiti 1, akanakili folda yote ya kikundi yenye gigabaiti 46. Sehemu kubwa ya ujazo huo ni picha na video za mikutano zilizomo katika folda ya Kumbukumbu, ambayo ilinakiliwa kwanza; folda ya Mikopo, iliyo ndogo sana, ilifuata mwishoni. Kompyuta haikulalamika. Alipoifungua flashi aliona folda zote, majina yote, na hata ukubwa wa kila faili ukiwa sawasawa na wa asili.

Flashi hiyo ilikuwa bandia. Ujazo wake wa kweli ulikuwa gigabaiti 32, lakini ilikuwa imerekebishwa ili ijitangaze kwa kompyuta kuwa ni terabaiti 1. Bidhaa za namna hii zipo sokoni, na udanganyifu wake unastahili kueleweka. Majina ya mafaili na ukubwa wake huandikwa katika orodha maalumu, mbali na yaliyomo ndani ya mafaili yenyewe. Mara nyingi orodha hiyo hukaa mwanzoni mwa flashi, mahali ambapo kumbukumbu ni ya kweli, na kwa hiyo husomeka vizuri. Yaliyomo yakishafika mwisho wa ujazo wa kweli, baadhi ya flashi hizi huyatupa tu, na nyingine huyaandika juu ya yale yaliyotangulia. Katika hali zote mbili flashi huijibu kompyuta kwamba kazi imefanyika. Kwa hiyo anayetazama orodha na ukubwa wa mafaili anasoma fahirisi ya kitabu ambacho kurasa zake hazimo. (Flashi ya terabaiti 1 inayouzwa kwa bei ya flashi ya gigabaiti 32 ina sababu ya kuuzwa hivyo.)

Jaribio lenyewe

Kwanza, chomoa flashi au diski kwa utaratibu, izime kompyuta, iwashe, ndipo uichomeke tena. Usiiruke hatua hii. Kompyuta huyashikilia kwa muda katika kumbukumbu yake mafaili iliyoyashughulikia punde, na ukilifungua faili mara tu baada ya kulinakili, yawezekana unasoma kilichomo ndani ya kompyuta na si kilichomo ndani ya flashi.

Pili, tengeneza folda mpya iliyo tupu nje ya folda zako za kazi, na uipe jina lisiloweza kukanganya. Sisi tutaiita JARIBIO. Kamwe usirejeshe sampuli juu ya mafaili ya asili. Ikiwa nakala ni mbovu, utakuwa umelifuta faili zima kwa faili bovu. Na ikiwa nakala ni nzima lakini ni ya mwezi uliopita, utakuwa umepoteza kazi ya mwezi mzima kwa ajili ya majaribio.

Tatu, chagua sampuli. Usichukue tu mafaili yaliyo juu ya orodha, kwa kuwa hayo ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa mazima. Chukua faili la zamani kabisa na lile la karibuni kabisa, faili kubwa kuliko yote, faili lililofichika ndani ya folda tatu au nne, na faili linalofunguliwa kwa nenosiri. Kisha ongeza yale ambayo ukiyakosa utalala na njaa. Kwa mweka hazina wetu, hayo ni malahajedwali ya mikopo.

Nne, nakili sampuli hiyo kutoka kwenye flashi hadi JARIBIO, chomoa flashi, ndipo ufungue kila faili ukianzia ndani ya folda ya JARIBIO yenyewe. Usitumie orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni, kwa sababu itakurudisha kwenye faili la asili nawe utashangilia bure. Na kulifungua pekee hakutoshi. Katika lahajedwali, nenda hadi mstari wa mwisho na ulinganishe jumla na ile unayoijua. Katika video, ruka hadi dakika ya mwisho. Katika waraka, fika ukurasa wa mwisho.

Mweka hazina alipofanya hivyo, picha za miaka ya mwanzo zilifunguka vizuri. Video ya mkutano mkuu wa karibuni ilicheza sehemu tu, kisha ikakwama. Lahajedwali la mikopo la mwaka 2019 halikufunguka kabisa. Kompyuta ilieleza kwamba muundo wa faili si sahihi. Faili lilikuwapo kwa jina na kwa ukubwa, lakini ndani yake hamkuwa na hesabu hata moja.

Kwa anayetaka uhakika zaidi ya macho, Windows ina amri inayolinganisha mafaili mawili baiti kwa baiti. Andika cmd katika sehemu ya kutafutia programu, fungua dirisha litakalojitokeza, kisha uandike anwani ya faili la asili na ya lile lililorejeshwa:

```
fc /b "C:\Kikundi\Mikopo\mikopo_2019.xlsx" "C:\JARIBIO\mikopo_2019.xlsx"
```

Mafaili yakiwa sawa kabisa, jibu litakuwa hili:

```
FC: no differences encountered
```

Yakitofautiana, utaona safu za namba. Ila tahadhari: faili ulilolifanyia kazi baada ya kuweka nakala litatofautiana kwa haki yake. Kwa ulinganisho huu tumia mafaili ya miaka iliyofungwa, ambayo hakuna aliyeyagusa.

Makosa mengine ambayo jaribio huyafichua

Si kila nakala mbovu hutokana na bidhaa bandia. Kosa la kawaida ni kunakili njia ya mkato, yaani ile ikoni yenye mshale mdogo pembeni, badala ya folda yenyewe. Ikifunguliwa katika kompyuta ileile hufanya kazi, kwa kuwa huonyesha tu mahali ilipo folda ya asili. Kompyuta ikipotea, haionyeshi kitu. Ndiyo maana tunashauri jaribio lirudiwe, angalau mara moja, katika kompyuta ya mtu mwingine unayemwamini. Hapo pia ndipo utakapojua kama nenosiri la diski unalikumbuka kweli, au kompyuta yako ndiyo iliyokuwa ikilikumbuka kwa niaba yako.

Wanaotumia programu ya hesabu dukani waangalie jambo jingine: programu nyingi huweka data zake katika folda tofauti na ile ya nyaraka za mtumiaji. Mtu anaweza kunakili nyaraka zake zote kwa miaka na asiwe amenakili mauzo hata ya siku moja.

Wala wataalamu hawajasalimika. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayowahifadhia watu programu za kompyuta wanazoziandika, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata yenye gigabaiti 300 hivi. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuweka akiba. Walipozigeukia waligundua kwamba nakala za kila siku hazikuwa zikitengenezwa, kwa sababu chombo cha kuzitengeneza kilikuwa cha toleo lisilolingana na lile la hifadhidata. Na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameichukua saa 6 kabla kwa shughuli nyingine. Data za hifadhidata za saa hizo 6 zilipotea.

Mipaka ya sampuli

Sampuli hugundua ubovu ulioenea. Ubovu wa hapa na pale huweza kuikwepa. Ikiwa faili 1 katika kila 10 limeharibika, sampuli ya mafaili 10 yaliyochaguliwa bila mpango itaukosa ubovu huo mara 35 hivi katika 100, na sampuli ya mafaili 30 itaukosa mara 4 hivi tu. Lakini ikiwa lililoharibika ni faili 1 katika kila 100, hata sampuli ya mafaili 30 itapita bila kugundua kitu mara 74 katika 100. Kwa hiyo mafaili ambayo huwezi kuishi bila hayo yasiachiwe bahati: yajaribu yote, kila mara. Kwa kawaida ni machache na ni madogo. Yaliyobaki, badilisha sampuli kila unapojaribu.

Jaribio likishindwa

Usiifute flashi wala kuiandikia tena. Mafaili ya asili yangali mazima, na huo ndio unafuu wa kugundua mapema. Yanakili siku hiyohiyo katika chombo kingine, na ukijaribu nacho. Ukishuku kwamba ujazo ni wa uongo, iache flashi kama ilivyo pamoja na kifungashio na risiti, kwa kuwa hivyo ndivyo vielelezo vyako unaporudi kwa muuzaji au unapowasilisha malalamiko.

Jaribio likifaulu, andika tarehe na majina ya mafaili uliyoyapima kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya chombo. Kisha futa folda ya JARIBIO, na uondoe pia vilivyomo katika pipa la taka la kompyuta. Humo mna madeni ya watu 28, nao hawakukubali yabaki katika folda ya majaribio, hasa ikiwa kompyuta uliyoitumia ni ya jirani.