Inchi Moja kwa Kila Futi

Nilipofika kwenye jengo lile la ghorofa moja Kigamboni, fundi mkuu alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao, mikono magotini. Fomu ya bimu ya sebuleni ilikuwa imeshapigwa nusu, naye amewakataza vijana wake kuendelea.

"Mzee, mchoro unasema milimita 300," msanifu majengo akamwambia. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na ile ilikuwa nyumba yake ya kwanza kuisimamia.

"Mwanangu, nimeuona. Lakini hapa pana futi 16 na nusu. Bimu ya futi 12 haivuki hapa."

Fundi alikuwa na kanuni aliyorithishwa na fundi aliyemfundisha: kwa kila futi ya uwazi, bimu ipewe inchi moja ya kimo. Kwa futi 16 na nusu hupatikana inchi 16 na nusu, nao mafundi huipandisha hadi 18, yaani milimita 450 hivi. Binti alijibu kwamba kimo hicho kingeifanya bimu ining'inie chini ya dari sentimita 15 zaidi, na kwamba kama nguvu ndiyo inayotakiwa, waongeze nondo au wapanue bimu.

Nilimwomba anionyeshe michoro yote, hata ile ya zamani. Jibu lilikuwa humo. Mwanzo uwazi ulikuwa mita 3.5, na bimu ya milimita 230 kwa 300 iliutosha, ingawa kwa kubanana. Kisha mwenye nyumba akataka sebule na chumba cha kulia viungane, uwazi ukawa mita 5. Kipimo cha uwazi kikabadilishwa, cha bimu kikabaki kilekile.

Mtu anaweza kudhani mita 1.5 ni nyongeza ndogo. Lakini mzigo unapokuwa uleule kwa kila mita, nguvu inayoipinda bimu katikati hukua kwa mraba wa uwazi. Kutoka mita 3.5 hadi 5 inakuwa maradufu. Kulegea kwa bimu hukua kwa kasi kubwa zaidi: bimu ileile ingelegea mara nne na zaidi. Na hii ilibeba mzigo wa kweli, kwani juu yake kulikuwa na zege la sakafu ya ghorofa pamoja na ukuta wa tofali za inchi 6. Nilipojumlisha vyote, watu na samani wakiwemo, nikapata tani 13 hivi juu ya bimu moja.

Je, nondo zaidi zisingetosha? Bimu inapopindwa, upande wake wa chini huvutwa na wa juu hubanwa. Nondo za chini hupokea mvuto, zege la juu hupokea mbano, na umbali kati ya viwili hivyo ndio mkono wa wenzo. Katika bimu fupi ya kimo mkono huo ni mfupi, hivyo nondo na zege hulazimika kufanya kazi kubwa mno. Ukirundika nondo chini, kitakachoshindwa kwanza ni zege la juu, nalo husagika ghafla. Bimu yenye nondo za kadiri huonya: nyufa nyembamba za wima hutokea chini, katikati ya uwazi, watu wakapata muda wa kuweka mirunda. Kupanua kunasaidia, ila kidogo. Ukiongeza upana mara moja na nusu, ukakamavu nao huongezeka mara moja na nusu. Ukiongeza kimo kwa kiasi hicho, huongezeka zaidi ya mara tatu.

Basi nikamwambia binti kwamba kimo ni cha mzee. Aliuliza kama zile sentimita 15 zingeweza kupandishwa ndani ya ukuta wa juu. Swali zuri, na mara nyingi inawezekana, lakini pale juu palikuwa na mlango.

Kisha nikamuuliza fundi angeweka nondo gani. "Nne za milimita 12. Mbili juu, mbili chini," akajibu, kama alivyozoea kwenye lenta za madirisha. Hapo kanuni yake ilikuwa imefika mwisho. Inchi kwa futi inajua urefu wa uwazi tu. Haijui kama juu kuna bati au ukuta. Hesabu ilitaka nondo tatu za milimita 20 chini. Zile mbili za 12 hazifikii hata theluthi yake.

Mzee alizitazama zile namba kwa muda. "Na ringi?"

"Mzibane zaidi karibu na nguzo," binti akamjibu kabla yangu, "kule ndiko nyufa za mshazari huanzia."

Fomu ilibomolewa jioni ileile, ikapigwa upya kwa milimita 450. Zege lilimwagwa wiki iliyofuata na kumwagiliwa maji kila siku. Mirunda ilikaa siku 21, kisha mzee akaanza kuilegeza mwenyewe, kutoka katikati kwenda kwenye nguzo, binti akiwa amesimama pembeni na uzi ulionyoshwa chini ya bimu.