Stakabadhi ya Dubai Yasomwa Chang'ombe

Mama mmoja wa Chang'ombe, Dodoma, alituletea simu yenye picha ya stakabadhi ya duka la Dubai, iliyoandikwa Kiarabu. Mwanawe aliyeko huko amemnunulia mashine ya kusagia, naye akataka kumrejeshea fedha zake.

Bei ilikuwa dirham 262.50. Chini yake, khasm 52.50. Asili yake ni moja na ya "hasimu" wetu, lakini dukani ni punguzo. Ikabaki 210. Ikafuata dhariba, 10, na mama alikwisha kujumlisha 220. Tulimzuia. Pembeni paliandikwa shamil, yaani kodi imo ndani. Ndivyo bei za rejareja zitangazwavyo huko tangu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 ilipoanza Januari 2018. Gawanya 210 kwa 105, zidisha kwa 5, utazipata zile 10. Deni ni 210.

Mstari wa mwisho uliruhusu istibdal ndani ya siku 14, si istirdad: kubadilisha, si kurudishiwa fedha, tena kwa stakabadhi halisi. Siku 9 zilikwisha kupita. Mama akampigia mwanawe papo hapo, abadilishe achukue ndogo zaidi.