Mtaro, Mfereji na Msingi: Maneno Matatu Kando ya Nyumba

Mafundi wengi wa nyumba husema "kuchimba msingi", na wakishajenga ukuta wa mawe ndani ya shimo hilo, ukuta nao huitwa msingi. Neno moja linabeba shimo na kilichomo. Katika mazungumzo kiwanjani jambo hili halimtatizi mtu. Lakini mfasiri anapoandika katika maelezo ya ujenzi "uchimbwe mfereji kando ya msingi ili kuondoa maji", anaweza kumfanya kibarua achimbe pasipopaswa kuchimbwa. Tutaueleza mkasa huo kwa kutazama nyumba moja ya kubuni katika Didia, mkoani Shinyanga.

Usukumani mkulima hutaja udongo kwa majina yake. Juu ya mteremko hukaa luseni, udongo wa kichanga. Chini zaidi ni itogolo, wenye tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi. Na bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. (Mgeni anayeambiwa "usijenge mbugani" huenda akadhani anaonywa juu ya simba.) Tuseme nyumba yetu imejengwa juu ya itogolo. Kitako cha msingi, yaani lile zege pana linalokalia udongo, kipo kina cha sentimita 60.

Paa lake lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, nalo halina mlizamu. Mvua ya milimita 40 ikinyesha, hushuka lita 3,200, nusu kila upande. Kila mita moja ya ukingo wa paa humwaga lita 160, sawa na ndoo nane, katika mstari ule ule mmoja. Maji hayo huchimba ardhi, hurudi ukutani kwa matone, kisha huzama hadi kwenye kitako. Udongo uliokuwa mgumu ulipokauka hulegea chembe zake zinapozungukwa na maji, na kitako hudidimia. Kwa kuwa hakididimii sawasawa pande zote, ukuta hupata ufa wa mshazari, mara nyingi kuanzia pembe ya dirisha au mlango. Ufa unaozidi kila masika wala haurudi nyuma ni ishara ya udongo kulegea. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga mvua zinaponyesha ni tabia ya mbuga, na dawa yake haimalizwi na haya tunayoyaeleza hapa.

Kinga ya kwanza ni ile mafundi wanayoiita aproni, yaani sakafu nyembamba ya zege inayozunguka nyumba kwa nje. Kamusi itamwelekeza mwalimu kwenye vazi la mpishi. Hata hivyo sisi tungeliacha neno hilo, maana limekwisha kuota mizizi. Aproni haina budi kupita mahali matone yanapoangukia: ikiwa paa limetokeza sentimita 60, aproni iwe na upana wa mita moja, na ukingo wake wa nje uwe chini kwa sentimita 5 kuliko ule wa ukutani. Isifungwe kwa ukuta. Iachwe nafasi ndogo ijazwe lami, kwani ufa ukitokea hapo wazi maji yatashuka moja kwa moja kwenye kitako.

Aproni, hata hivyo, huzuia maji ya juu tu. Katika itogolo maji yaliyozama mlimani hutambaa juu ya lile tabaka gumu mpaka yakafika nyumbani kwa chini chini. Hapo ndipo panapohitajika mtaro, nao huchimbwa upande wa juu wa mteremko, hadi uingie katika tabaka gumu, kisha uzungushwe na kuteremka angalau sentimita 20 katika kila mita 20. Mtaro usiokuwa na mahali pa kutokea ni bwawa.

Sasa turudi kwa yule kibarua. Mtaro wa kina cha sentimita 90 uko chini ya kitako chetu kwa sentimita 30. Ukichimbwa ukigusana na ukuta, udongo unaobeba kitako utaporomokea ndani yake. Kwa uchache kabisa umbali kutoka ukingo wa kitako usipungue ile tofauti ya kina, yaani sentimita 30. Na kwa udongo unaolowa tungetaka mita mbili au tatu. Neno "kando" halisemi hayo.

Kwa hiyo tunapendekeza shimo liitwe shimo la msingi. Mfereji ubaki kwa maji yanayoletwa, kama ya shamba. Na mtaro uwe wa maji yanayoondolewa. Nalo "kando ya" lisiandikwe kamwe bila kipimo, wala bila kutajwa kwamba kipimo kinaanzia ukingo wa kitako.